Hisa Imefungiwa, Opsheni Bado Hai

Jioni ya Alhamisi, Machi 9, 2023, hisa ya kampuni mama ya Silicon Valley Bank ilifunga soko la Nasdaq kwa dola 106.04. Siku moja kabla ilikuwa juu ya dola 260. Kesho yake asubuhi biashara ya hisa hiyo ikasimamishwa, na kabla ya saa sita mchana wasimamizi wa Kalifonia walikuwa wameifunga benki yenyewe.

Waliokuwa wamenunua opsheni za kuuza walipaswa kushangilia. Opsheni ya aina hiyo humpa mwenye nayo haki ya kuuza hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, hata kama sokoni hazina thamani. Tumchukue mtu aliyelipa dola 200 kwa mkataba wa bei ya dola 100, unaokwisha Ijumaa ya Machi 17. Benki imekufa, naye ana haki ya kulipwa dola 10,000. Lakini anapofungua simu yake, kitufe cha kuuza hakifanyi kazi. Hisa ikisimamishwa katika soko lake kuu, masoko ya opsheni nayo husimamisha mikataba yake.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Kinachosimama ni biashara ya opsheni, yaani kumuuzia mtu mwingine mkataba wako. Haki ya kuutekeleza kwa kawaida haisimami, wala siku ya mwisho haisogezwi mbele kwa sababu soko limefungwa. Saa inaendelea kuhesabu.

Kwa kawaida mtu hahitaji hata kukumbuka. OCC, taasisi inayosimamia malipo ya opsheni zote za masoko ya Marekani, hutekeleza yenyewe mkataba ulio na faida ya angalau senti 1 siku ya mwisho. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inategemea bei ya hisa, na bei iliyobaki kwenye rekodi ilikuwa dola 106.04. Kwa kipimo hicho, haki ya kuuza kwa dola 100 haina faida yoyote! Anayesubiri mtambo umfanyie kazi anaweza kuuona mkataba wake ukifa mikononi. Anayetaka kulipwa lazima ampe wakala wake maagizo ya wazi ya kutekeleza, kabla ya saa ya mwisho ambayo wakala mwenyewe ameiweka. Kupiga simu siku mbili tatu kabla si woga.

Wakala naye atauliza: hisa za kukabidhi ziko wapi? Mwenye hisa 100 hana shida. Asiyekuwa nazo hawezi kuzinunua soko likiwa limefungwa, kwa hiyo akitekeleza anabaki na deni la hisa 100, kama aliyeuza mali ya kukopa. Mawakala wengine hukataa deni hilo, wengine hudai dhamana kubwa na kutoza ada ya kukopa kila siku. Machi ile, kikwazo kikubwa kwa wawekezaji wadogo kilikuwa hapo kwa wakala.

Machi 17 yenyewe, kampuni mama iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Machi 28 hisa zikarudi kuuzwa nje ya Nasdaq, kwa alama mpya ya SIVBQ, zikashuka chini ya dola 1. Mtu wetu, kama wakala alimkubalia, sasa angezinunua hisa 100 kwa chini ya dola 100 na kulifuta deni. Zingemsalia takriban dola 9,700, kabla ya ada.

Upande wa pili kuna mtego usiosemwa sana. Mwenye opsheni ya kununua kwa dola 90 anajua amepoteza, anaiacha ife. Lakini ikipimwa kwa bei ile ya dola 106.04, inaonekana ina faida, na inaweza kutekelezwa bila yeye kusema neno. Atajikuta amelipa dola 9,000 kwa hisa za kampuni iliyofilisika. Huyu naye anahitaji kutoa maagizo: usitekeleze.

Mwenye mkataba ambao bado una miezi ana nafasi ya kusubiri. Hisa ikihamia nje ya soko kuu, opsheni zake mara nyingi hufunguliwa tena kwa wanaotaka kufunga mikataba ya zamani tu, na hapo mtu anaweza kuuza bila kukopa hisa. Mahakama ikifuta hisa bila kuwaachia wenyehisa chochote, opsheni za kununua huwa karatasi tupu, ilhali anayetekeleza ya kuuza hulipwa bei yote ya mkataba. Aliyemuuzia opsheni hiyo ndiye hutoa dola zote 10,000, na hapokei chochote.