Ndizi Iende Duara Gani?

Mchezo wenyewe unataka chaki, kapu na watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu achore sakafuni maduara matano, kwa makundi yaliyozoeleka katika elimu ya lishe Tanzania: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, kunde na vyakula vitokanavyo na wanyama, mboga, matunda, mafuta na sukari. Kila mtoto achukue kitu kimoja kapuni, akiweke anapoona panafaa, kisha aseme kwa nini.

Chungwa na mchicha havina ubishi. Somo huanza pale mtoto anaposhika kiazi kitamu na kukipeleka kwenye mboga, maana nyumbani kimepikwa kwenye mchuzi. Mwalimu asimsahihishe haraka. Aulize darasa kama kiazi kinashibisha kama ugali au kinaliwa na ugali. Hapo watakihamisha wenyewe. Karoti nayo inachimbwa ardhini, lakini ni mboga. Ndizi ndiyo kiboko yao: mbichi ya kupika inakaa na ugali, mbivu inakwenda kwa matunda. Kigezo ni kazi ya chakula mwilini na namna kinavyoliwa; kinakoota hakituambii kitu.

Mchezo ukiisha, watoto wafungue makontena yao ya chakula na kuyapangia maduara. Chukua lenye chapati, chipsi na biskuti. Kwa macho ni vyakula vitatu, ila vyote vinaangukia duara la kwanza, pamoja na mafuta na sukari zilizoongezwa. Mzazi hana haja ya kutupa chapati. Aondoe chipsi, aweke maharage mazito yasiyo na mchuzi mwingi, vipande vya karoti na nusu ya chungwa. Chungwa hilo lina kazi ya ziada: vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo kwenye chupa yake aweke maji.

Siku nyingine kuwe na kiazi kitamu cha kuchemsha, yai, matango na kipande cha papai. Au makande: mahindi na maharage kwenye chungu kimoja yameshakamata maduara mawili, yamebaki mboga na tunda.

Jambo moja wazazi wengi hulipuuza. Wali wa jana uliolala jikoni kwenye joto usifungwe, hata kama haunuki, kwa sababu kuna vijidudu vya wali vinavyotoa sumu isiyokufa kwa kupasha moto. Chakula kipikwe alfajiri. Kikienda kwenye hotpoti, kifungwe kikiwa cha moto sana. Kikienda kwenye kontena la kawaida, kipoe kwanza, maana mvuke ukifungiwa ndani hugeuka maji na chakula huchacha kabla ya mapumziko. Na yai limenywe ganda nyumbani, vinginevyo mtoto wa miaka sita atalirudisha zima.