Kisangani: Barua ya kuacha kazi inaweza kukupa haki au kukunyima

Huko Masako, karibu kilomita 14 kutoka Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta, mtu akichoka na matusi ya shefu mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: anaondoka bila kusema neno, au anaandika mstari mmoja tu, "Naacha kazi kwa sababu zangu mwenyewe." Mstari huo ni mfupi, lakini unamgharimu sana. Kwa mkono wake mwenyewe, mfanyakazi anakuwa ameandika kwamba tajiri hana kosa.

Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatoa njia nyingine. Kifungu cha 73 kinasema tajiri anahesabiwa kuwa na kosa zito ikiwa yeye au msaidizi wake amemsumbua mfanyakazi kingono au kimaadili, amemtisha, amempiga au amemtukana vikali. Ni kosa zito pia akivumilia wafanyakazi wengine wakifanya hivyo. Hapo mfanyakazi anaweza kuvunja mkataba mara moja, bila kutumikia siku za taarifa, na kudai fidia.

Lakini saa inatembea. Kifungu cha 72 kinataka uamuzi huo uandikwe na kufikishwa kwa tajiri katika siku 15 za kazi tangu kosa lijulikane. Aliyetukanwa Januari akaandika Mei amechelewa, isipokuwa kama manyanyaso yaliendelea na tukio la mwisho ni la karibuni. Matukio ya zamani hutajwa kuonyesha mwendo wa mambo, na lile la mwisho ndilo linalobeba barua.

Tuchukue mfano wa kubuni: mama mmoja ni karani wa depo ya mbao Masako. Barua yake ingeweza kusema hivi:

"Bwana Mkurugenzi, Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa tatu asubuhi, shefu wa depo aliniita mwizi mbele ya wateja na wenzangu wawili. Hesabu ya siku ile haikuwa na upungufu. Tarehe 17 Februari nilikuandikia juu ya jambo hilo. Nakala yenye sahihi yako ninayo. Sikupata jibu. Tarehe 2 Machi, saa kumi jioni, shefu alinisukuma nje ya ofisi na kunyang'anya daftari. Mlinzi wa zamu aliona. Kwa sababu hizo navunja mkataba leo, tarehe 12 Machi 2026, kwa kosa zito la mwajiri."

Hakuna neno "mlevi", "mshenzi" wala "mchawi". Kila tukio lina siku, saa, kitendo na mtu aliyeona, hivyo linaweza kuulizwa na kujibiwa. Neno la hasira halithibitishwi, na linaweza kumpa shefu nafasi ya kulalamika kwamba yeye ndiye aliyechafuliwa jina. Barua ya tarehe 17 Februari ina uzito wa pekee: inaonyesha kwamba mkurugenzi alijua na akanyamaza, na kunyamaza huko kunaweza kuhesabiwa kuwa kuvumilia.

Tarehe nayo imepimwa. Kuanzia tarehe 3 Machi, ukihesabu Jumatatu hadi Jumamosi, siku ya 15 ni tarehe 19. Mama huyo amebakiza wiki nzima ya usalama.

Namna ya kuifikisha pia imewekwa na sheria. Inapelekwa kwa posta kwa kusajiliwa, au inatolewa mkononi na tajiri anatia sahihi kwenye nakala. Akikataa, inaachwa mbele ya mashahidi. Ujumbe wa simu pekee si njia hizo.

Baada ya hapo, mtu hakimbilii tribunali moja kwa moja. Mgogoro hupitia kwanza kwa inspekta wa kazi, anayejaribu kupatanisha. Wakishindwana ndipo shauri linakwenda mbele ya majaji. Asiye na mkataba wa maandishi, kama wengi, asikate tamaa: sheria inamruhusu kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine, zikiwemo mashahidi na karatasi za malipo.

Ikiwa shefu alitumia cheo chake kushinikiza apewe mapenzi, hilo ni kosa la jinai pia kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2006, na kifungo chake ni mwaka 1 hadi 12. Lakini mashtaka hayo hayaanzi mpaka aliyeumizwa mwenyewe alalamike. Barua kwa tajiri haihesabiwi kuwa malalamiko hayo.

Wala barua peke yake haishindi kesi. Mlinzi aliyeona anaweza kuogopa kusema, kwa sababu yeye bado anakula kwa shefu yuleyule. Ndiyo maana daftari dogo la nyumbani, lililoandikwa jioni ya tukio lenyewe, na nakala iliyotiwa sahihi, huwekwa mbali na depo kabla ya siku ya kuaga.