Kikorea Kinavyounga Sentensi Ndefu

Mswahili akisimulia safari ya sokoni, wakati huutaja kwenye kitenzi cha kwanza: nilienda, nikanunua, nikapika. Kile "nili-" cha mwanzo kinatosha, vinavyofuata vinajiegemeza kwake. Kikorea hufanya kinyume. Kitenzi hukaa mwisho, na mara nyingi ni kile cha mwisho kabisa kinachobeba wakati wa masimulizi yote. Vilivyotangulia huvishwa viambishi tamati vinavyoonyesha kila tendo linahusianaje na linalofuata.

Tuchukue sentensi hii: *Eoje biga waseo giri makyeotjiman sijange gaseo saengseoneul sasseoyo.* Maana yake: jana mvua ilinyesha, barabara zikawa na foleni, lakini nilienda sokoni nikanunua samaki. Kiambishi *-jiman* ndiyo "lakini", nacho hukubali alama ya wakati uliopita mbele yake. Ndiyo ile *t* ya *makyeot-*. Ila *-seo* imetokea mara mbili kwa kazi mbili. Katika *waseo* inatoa sababu: mvua ilikuja, ndiyo maana pakawa na foleni. Katika *gaseo* inapanga mfuatano: nilienda, na huko huko nikanunua. Ukiweka *gago*, kwa kiambishi *-go*, matendo yanaachana. Msikilizaji ataelewa kwamba ulienda sokoni, kisha samaki ukawanunua kama jambo jingine. Vivyo hivyo, ukisema *chingureul mannaseo* halafu ukataja filamu, mliitazama pamoja na rafiki yako. Kwa *mannago*, mlionana, kisha ukatazama filamu bila yeye.

Penye mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni sababu. Kando ya *-seo* kuna *-nikka*, na kamusi nyingi huvitafsiri vyote "kwa sababu". Lakini *-seo* ya sababu haifuatwi na amri wala pendekezo. Ukitaka kumwambia mtu achukue mwavuli kwa kuwa mvua inanyesha, sema *Biga onikka usaneul gajyeogaseyo.* Ukianza na *biga waseo*, Mkorea atasikia kosa pale tu utakapofika kwenye amri. Tena *-seo* haipokei alama ya wakati uliopita: *wasseoseo* si sahihi, ilhali *wasseunikka* ni sahihi.

Kwenye kuomba radhi mambo yanageuka. Aliyechelewa husema *Neujeoseo joesonghamnida*, nimechelewa, samahani. Hapo *-nikka* haifai, kwani huisimamisha sababu kama hoja ya msemaji, na anayeomba radhi hapaswi kusikika akijitetea.

Kwa hiyo, msomaji unayejifunza Kikorea, kabla ya kuchagua kiambishi cha sababu, amua kwanza sentensi yako itaishia wapi: kwenye amri au pendekezo tumia *-nikka*, kwenye shukrani au radhi tumia *-seo*.