Anaomba Kaa, Anapewa Taa

Tuchukue mtoto wa miaka minne anayesema "tutu" akimaanisha kuku, na kaa wa baharini anamwita "taa". Masikio yamepimwa, ni mazima, na kinywani hakuna kasoro. Kilichopo ni kwamba kwake k na t bado ni sauti moja. Ukimkaririsha k peke yake atajifunza kuitoa, lakini huenda asione kwamba inabadili maana ya neno.

Hapo ndipo mtaalamu wa tiba ya usemi anapoweka mezani picha mbili, ya kaa na ya taa. Kwanza yeye anataja, mtoto ananyooshea kidole. Hilo likishika, zamu inageuka: mtoto anaomba, mtaalamu anatoa kile alichosikia. Mtoto anataka kaa, anasema "taa", anakabidhiwa taa. Anakunja uso.

"Umesema taa, nami nimekupa taa. Ulitaka kaa, mwanangu?"

Mkwamo huo ndio dawa yenyewe. Mtafiti Weiner wa Marekani alieleza njia hii mwaka 1981, baada ya kuijaribu kwa watoto wawili. Ila mtoto awe anaweza kutoa k angalau kwa kusaidiwa, ncha ya ulimi ikizuiwa chini ili sehemu ya nyuma ndiyo ipande. Asipoweza kabisa, mchezo unageuka kuwa mateso.

Kazi ngumu ni kuchagua jozi. Mtaalamu huorodhesha kwanza maneno yanayogongana. Mtoto wetu husema "taa" kwa kaa na kwa saa, tena "tamba" kwa kamba na kwa shamba. Yaani t imebeba mzigo wa k, s na sh. Kwa mtoto wa namna hii, Williams alipendekeza t ipambanishwe na sauti hizo zote katika kipindi kimoja, badala ya kumaliza moja ndipo ianze nyingine. Gierut alikwenda mbali zaidi: sauti iliyokosekana ioanishwe na ile ambayo mtoto anayo na iliyo mbali nayo sana, kama s ya sita na m ya mita. Je, tuanze na sauti rahisi au ngumu? Watafiti bado wanavutana. Mimi ningeanza na ile inayowachanganya watu wa nyumbani kila siku.

L na r nisingezigusa haraka. Kura na kula ni jozi safi kwenye karatasi, lakini kama mama na bibi wenyewe huzichanganya, mtoto huyo anaongea kama kwao.

Maendeleo hupimwa kwa maneno ambayo hayakufundishwa: kiti, kisu, kuku. Akiyasema sawasawa, k imeingia kwenye mfumo, haikukaririwa tu. Na akianza kusema "mkoko" kwa mtoto, msishtuke: ameigundua k na anaipachika hata pasipo pake, kwa hiyo taa nayo irudi mezani.