Unaongeza Sauti, Maneno Bado Hayasikiki

Kabla hujailaumu televisheni, weka taarifa ya habari. Msomaji habari anaongea peke yake, karibu na kipaza sauti, bila muziki chini yake. Kama naye anasikika kana kwamba amefunikwa blanketi, tatizo liko kwenye spika, mahali televisheni ilipowekwa au mpangilio wa sauti. Lakini akisikika vizuri, kisha filamu ya usiku ikawa muziki mtupu na minong'ono, spika hazina kosa. Tatizo ni jinsi sauti ya filamu inavyofika kwenye spika hizo.

Filamu nyingi hutengenezwa kwa sauti ya mikondo sita, ile inayoandikwa 5.1. Maneno ya waigizaji hukaa zaidi katika mkondo wa katikati, mbali na muziki na milipuko. Televisheni yenye spika mbili haina pa kuuweka mkondo huo, hivyo inaukunja na kuuchanganya na mengine kushoto na kulia. Maneno yanaanza kuzama hapo. Basi anzia kwenye king'amuzi: katika menyu ya sauti chagua PCM au Stereo badala ya Dolby au RAW. Na kama programu ya filamu inakupa lugha ileile mara mbili, chukua isiyo na alama ya 5.1. Mara nyingi hatua hii pekee hupunguza tatizo sana.

Kisha rudi kwenye televisheni. Zima Surround, maana kwa spika mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani inayatawanya maneno tu. Washa Clear Voice, au jina lolote ambalo kampuni imelipa kazi hiyo: inapunguza besi na kuinua sauti za kati, zilipo konsonanti zinazotofautisha neno moja na jingine.

Night Mode ni kitu kingine, ingawa wengi huvichanganya. Yenyewe haijui neno wala muziki. Inabana tu tofauti kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, hata mlipuko usimwamshe mtoto na mnong'ono usipotee. Gharama yake ni kwamba hata muziki wa chinichini na mvumo wa upepo hupanda wahusika wanaponyamaza. Ni nzuri usiku. Mchana izime, la sivyo filamu inakuwa bapa.

Ikiwa bado, ingia kwenye ikwalaiza. Tuseme una televisheni ya inchi 32 iliyobanwa ukutani, yenye vitelezi vitano: 120 Hz, 500 Hz, 1.5 kHz, 5 kHz na 10 kHz, na sauti za wanaume zinavuma. Mkono wa kwanza hukimbilia kupandisha. Anza kwa kushusha. Teremsha 120 Hz kwa hatua tano hivi na 500 Hz kwa mbili. Spika ndogo hivyo haiwezi kutoa besi ya kweli. Inavuma na kuwafunika wasemaji. Ndipo upandishe 5 kHz kwa hatua mbili, usikilize maneno kama "sita" na "shati". Herufi s ikianza kuchoma sikio, umezidisha. Kwenye televisheni nyingi vitelezi hufunguka tu ukichagua mpangilio wa User, na hapo Clear Voice huweza kujizima.

Kuchelewesha sauti ili ilingane na midomo kuje mwisho. Usipime kwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili, kwani midomo ile haitalingana kamwe! Tumia mtangazaji wa moja kwa moja, utazame midomo inavyofunga kwenye p, b na m. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu wa mwaka 1998 unasema mtazamaji hugundua sauti ikitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, lakini ikichelewa hadi ifike 125 hivi. Tumezoea sauti kuchelewa: mpiga kuni aliye mbali tunamwona kabla ya kumsikia.

Sauti ikitangulia, picha inachelewa kwenye uchakataji. Jaribu Game Mode, au ongeza ucheleweshaji kwa milisekunde 20 kila mara. Peleka kwanza hadi mwisho: kama hakuna kinachobadilika, mpangilio huo unahudumia spika za nje tu, basi urudishe 0. Sauti ikichelewa na kipimo tayari kiko 0, angalia chaneli nyingine. Ikiwa ni moja tu inayosumbua, kosa ni la kituo. Zikisumbua zote, zima na uwashe king'amuzi, kwa sababu kitufe hiki hujua kuchelewesha tu; kuharakisha hakiwezi.