Mirija ya Pua au Barakoa? Hesabu ya Pumzi Kolwezi

Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ina oksijeni asilimia 21 kama ya Mombasa, ila ni nyepesi: kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa takriban moja ya sita. Mwenye mapafu mazima huzoea. Mwenye nimonia hana akiba ya kufidia.

Tuchukue mfano wa mchimbaji wa kobalti anayefikishwa kituo cha afya akihema mara 32 kwa dakika, kipimo cha kidoleni kikionyesha asilimia 86. Muuguzi ana mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, na mwisho wake ni lita 5 kwa dakika. Ndugu wanaomba mgonjwa avalishwe barakoa. Inafunika pua na mdomo, kwa hiyo wanaamini itampa zaidi.

Mtu mzima aliyetulia huvuta hewa kwa kasi ya lita 30 hivi kwa dakika. Mirija ya pua ikitoa lita 5, zile 25 nyingine hutoka chumbani. Kwa kuwa pua nayo hukusanya oksijeni kidogo kati ya pumzi na pumzi, mchanganyiko hukaribia asilimia 40. Lakini anayehema kwa nguvu huvuta kwa kasi ya lita 60 au zaidi. Lita zilezile 5 humezwa na 55 za hewa ya chumba, na oksijeni hushuka hadi karibu asilimia 28. Kifaa hakijabadilika, pumzi ndiyo iliyobadilika.

Barakoa ya kawaida ina tatizo lake: hubakiza ndani hewa iliyokwisha kutolewa. Mtiririko ukiwa chini ya lita 5, kabonidioksidi haisukumwi nje, na mgonjwa huivuta tena. Hutumiwa kwa lita 5 hadi 10, hivyo mashine hii inakigusa kwa shida kiwango cha chini. Tena mgonjwa huivua barakoa kila anapotaka kunywa maji au kutema makohozi.

Kwa hiyo muuguzi anaanza na mirija, lita 5, kisha anapima tena baada ya dakika chache. Kipimo kikifika 90 na kutulia, atapunguza polepole. Kisipofika, mgonjwa anahitaji barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kutoka kwenye mtungi. Mfuko hujazwa kabla ya kumvalisha. Ukinywea kabisa anapovuta pumzi, mtiririko hautoshi na lazima uongezwe.

Hapo ndipo safari ya kwenda hospitali kubwa inapoingia katika hesabu. Mtungi mdogo wa lita 680, kwa lita 10 kila dakika, huisha baada ya dakika 68. Kwa lita 15, baada ya dakika 45. Barabara ikihitaji saa mbili, mtungi mmoja hautamfikisha.