Mpe mpinzani nafasi

Somo la insha ya hoja kwa kidato cha tatu linatosha vipindi viwili vya dakika 40. Lianze na msimamo. "Simu zina faida na hasara" haufai, maana hakuna wa kuupinga. "Wanafunzi wa bweni waruhusiwe simu Jumamosi tu" unafaa.

Kila aya ibebe hoja moja, ushahidi, na sentensi inayoonyesha ushahidi huo unathibitisha nini. Sentensi hiyo ndiyo wengi huiruka.

Muda mrefu zaidi upewe hoja pinzani. Wanafunzi wabadilishane madaftari, kila mmoja amwandikie mwenzake pingamizi: "Simu zitaibwa." Mwenye insha aikubali hatari hiyo, kisha ajibu: zitunzwe na matroni, zirudishwe jioni. Pingamizi linalojibika kwa neno moja ni dhaifu, litafutwe jingine.